DirectX au Vulkan? Swali lenyewe tunaliuliza vibaya

Leo siasa na bajeti tuziweke pembeni kidogo, maana nina kosa la kuungama, na linahusu gemu.

Binamu yangu alipopata kompyuta yake na kuweka Red Dead Redemption 2, alikutana na sehemu kwenye mipangilio inayomtaka achague kati ya Vulkan na DirectX 12. Akanipigia simu. Mimi, kwa kuwa nimesoma chuo na ninaandika gazetini, sikutaka kuonekana sijui. Nikamjibu kwa kujiamini: weka DirectX 12, kwa sababu Windows ni ya Microsoft na DirectX ni ya Microsoft, na mwenye nyumba ndiye anayejua njia za ndani. Jibu likasikika la busara. Tukakata simu.

Wiki chache baadaye akanipigia tena. "Kaka, gemu linaganda ganda kila nikiingia mjini. Nimeshapata mtu wa kuniuzia kadi mpya ya grafiki, nataka nitoe akiba yangu." Hapo ndipo nilipopata baridi. Dogo anataka kumaliza akiba ya miezi kadhaa kwa sababu ya jibu nililolitoa bila kupima chochote. Nikamwambia asubiri hadi Jumapili, niende tukae mbele ya hiyo mashine.

Hoja yangu ni hii: swali la "ipi ni bora, DirectX au Vulkan" halina jibu. Lenye jibu ni "ipi ni bora kwa gemu hili, kwenye mashine hii", na jibu lake linapatikana kwa kupima mchana mmoja tu. Anayekujibu kabla hujapima, hata akiwa mimi, anakudanganya.

Kwanza tuelewane hivi vitu ni nini. Gemu haliongei na kadi ya grafiki moja kwa moja. Linaandika maagizo: chora farasi huyu, weka kivuli hapa, paka mwanga wa jioni pale. Maagizo hayo yanaandikwa kwa lugha maalumu, kisha draiva ya kadi inayageuza kuwa kazi ambayo kadi inaweza kuifanya. DirectX ni lugha ya Microsoft na ilianza mwaka 1995. Vulkan inasimamiwa na Khronos, muungano wa makampuni mengi, na toleo lake la kwanza lilitoka Februari 2016. Mizizi yake ni kazi iliyofanywa na AMD kwenye lugha yao iliyoitwa Mantle.

Kosa la kwanza la watu wengi ni kudhani "DirectX" ni kitu kimoja. Sivyo. DirectX 11 na DirectX 12 zina jina moja la ukoo, lakini tabia ni mbali mbali kabisa. Kwenye 11 draiva inafanya kazi nyingi kimya kimya: inapanga kumbukumbu, inakisia gemu litahitaji nini, inasahihisha uzembe wa mwandishi wa gemu. Ni kama kusafiri na kondakta mzuri. Wewe unakaa, yeye anahangaika na mizigo. Ubaya wake ni kwamba hangaiko lote hilo linakula muda wa prosesa, na sehemu kubwa yake huangukia uzi mmoja wa kazi hata kama prosesa yako ina viini vingi.

DirectX 12, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2015, ilimwondoa kondakta. Vulkan nayo imefanya vivyo hivyo. Humo gemu lenyewe ndilo linalopanga kumbukumbu na kugawa kazi kwa viini vya prosesa. Waandishi wake wakiwa makini, kasi inapatikana. Wakikosea, hakuna wa kuwafichia aibu.

Kwa hiyo ukikuta gemu linakupa chaguo, angalia kwanza namba iliyo mbele ya DirectX. Mfano ni Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023. Yenyewe inatoa Vulkan na DirectX 11. Hapo unachagua kati ya kizazi kipya na kizazi cha zamani, na tofauti inaweza kuwa kubwa, hasa pale prosesa inapozidiwa, kama kwenye mitaa ya mji wenye watu wengi katika sehemu ya tatu ya gemu. Red Dead Redemption 2 ni kitu kingine. Vulkan na DirectX 12 ni ndugu wa rika moja, wamelelewa kwa falsafa moja. Ukiona mtu anakuahidi kwamba ukihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake gemu litapaa, mtilie shaka.

Hii inaua hoja yangu ya "mwenye nyumba". Kwenye Windows, Vulkan haipiti mlango wa nyuma kwa kuomba ruhusa ya DirectX. Draiva ya Vulkan inaandikwa na mtengenezaji wa kadi yako mwenyewe, sawa na ile ya DirectX. Hoja ya mwenye nyumba ina maana upande mmoja tu, nao ni Linux. Ukicheza kwenye Linux, au kwenye Steam Deck ambayo ndani yake ni Linux, DirectX haipo kabisa. Maagizo ya DirectX 12 yanatafsiriwa kwanza kuwa Vulkan, kwa kutumia programu inayoitwa VKD3D-Proton, ndipo yafike kwenye kadi. Huko, kama gemu lina Vulkan yake, anza na Vulkan. Huna sababu ya kumlipa mkalimani wakati unaijua lugha.

Haya, turudi kwa binamu. Mashine yake ina kadi ya GTX 1650 yenye kumbukumbu ya GB 4, RAM ya GB 16, na anacheza kwa skrini ya 1920 kwa 1080. Si mashine ya kutisha, lakini iko juu ya kiwango cha chini ambacho gemu lenyewe linadai.

Nilipofika nilimkuta tayari amefanya "majaribio". Alikuwa amecheza siku tatu kwa DirectX 12, kisha akahamia Vulkan, akaingia mjini, gemu likaganda vibaya zaidi, akarudi DirectX 12 huku akisema Vulkan ni takataka. Wadau, huu ndio mtego unaowanasa wengi, na unahitaji kuelezwa vizuri.

Vile vipande vidogo vya programu vinavyoiambia kadi namna ya kupaka rangi ngozi, maji, moshi au theluji vinaitwa sheda. Sheda haziji zikiwa tayari kwa kadi yako. Lazima zitafsiriwe kwenye mashine yako, na matokeo yanahifadhiwa kwenye faili ili kazi isirudiwe. Ukibadilisha kutoka DirectX kwenda Vulkan, hazina ya mwanzo haifai, inaanza kujengwa nyingine. Ukiweka draiva mpya, mara nyingi inajengwa upya vile vile. Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuhama, mashine inacheza na huku inatafsiri. Binamu alikuwa amelinganisha DirectX iliyopata siku tatu za kujiandaa na Vulkan iliyoamshwa usingizini dakika hiyo hiyo. Ni sawa na kumshindanisha mkimbiaji aliyepasha misuli na mwingine aliyetolewa kitandani.

Dawa ni rahisi. Kila ukihama, rudia njia ile ile mara tatu, na matokeo ya mara ya kwanza uyatupe. Red Dead Redemption 2 ina jaribio lake la ndani kwenye ukurasa wa mipangilio ya grafiki, linalopita sehemu kadhaa za gemu na mwisho linakupa idadi ya fremu kwa sekunde: ya chini, ya juu na ya wastani. Tukaliendesha mara tatu kwa Vulkan, tukafunga gemu, tukawasha upya, tukaliendesha mara tatu kwa DirectX 12. Mipangilio mingine hatukuigusa.

Wastani wa Vulkan ukawa fremu 39, wa DirectX 12 ukawa 38. Fremu moja! Vita yote ile, na dogo alikuwa tayari kuvunja kibubu.

Lakini binamu hakuwa mwongo. Gemu lilikuwa linaganda kweli, nililiona kwa macho yangu. Wastani ndio ulikuwa unaficha jambo. Tufanye hesabu ndogo. Chukua sekunde moja yenye milisekunde 1,000. Tuseme fremu 59 zimechukua milisekunde 15 kila moja, jumla 885. Fremu moja iliyobaki imechukua milisekunde 115. Jumla ni 1,000 kamili, na kihesabio cha pembeni ya skrini kitakuandikia kwa furaha: FPS 60. Ila jicho lako limeona picha imesimama kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, katikati ya mbio za farasi. Hicho ndicho kinachokukera, na wastani haukionyeshi.

Kwa hiyo usitazame wastani peke yake, tazama muda wa kila fremu. Programu kama CapFrameX inauchora kama mstari. Mstari ulionyooka ni uchezaji laini, hata kama fremu ni 40 tu. Mstari wenye meno kama msumeno ni mateso, hata kama wastani ni 70. Kati ya Vulkan na DirectX, chagua ile yenye meno mafupi na machache, hata kama wastani wake uko chini kwa fremu mbili tatu. Huu ndio msimamo wangu na siutoi.

Na meno hayo yana lugha yake. Gemu likiganda mara ya kwanza unapoona kitu kipya, kisha ukirudi hapo halirudii, hizo ni sheda. Vumilia, zitaisha. Likiganda kila mara mahali pale pale, kuna kitu kinazidiwa hapo: prosesa, diski, au namna gemu linavyopakia mji. Likianza laini halafu likazidi kuharibika kadiri unavyocheza, shuku kumbukumbu imejaa.

Letu lilikuwa la aina ya tatu. Dakika kumi za kwanza mambo safi, nusu saa baadaye tukiingia Saint Denis ni kama gari lenye tope kwenye kabureta. Nikafungua ukurasa wa grafiki. Kule juu kuna mstari unaoonyesha kiasi cha kumbukumbu ya kadi kinachotumika, na wa binamu ulikuwa umefika ukingoni. Nikashuka kwenye mipangilio ya ndani zaidi, nikakuta MSAA imewashwa kwa 2X. Aliiwasha kwa kuwa mtu alimwambia inalainisha kingo za picha. Ni kweli inalainisha, lakini kwenye gemu hili ni mlaji wa kutisha, wa kasi na wa kumbukumbu. Zaidi ya hapo, nyuma ya gemu kulikuwa na kivinjari kimefunguliwa kurasa kama kumi na tano, na kivinjari nacho kinachukua kipande cha kumbukumbu ya kadi.

GB 4 zikijaa, ziada inamwagikia kwenye RAM ya kawaida, na njia ya kutoka kadi hadi RAM ni nyembamba mno ukilinganisha na kumbukumbu ya kadi yenyewe. Kila mara kadi inapohitaji kitu kilichoko huko, inasubiri. Huko kusubiri ndiko kuganda. Kumbuka yule kondakta aliyeondolewa. Kwenye DirectX 11 draiva ingehangaika kuhamisha mizigo kwa niaba ya gemu. Kwenye Vulkan na DirectX 12, mzigo huo kwa sehemu kubwa ni wa gemu lenyewe, na ukiijaza kadi kupita kiasi, zote mbili zitakuadhibu.

Tukazima MSAA, tukaacha TAA ifanye kazi ya kulainisha, tukafunga kivinjari. Tukarudia majaribio yote kwa utaratibu ule ule. Vulkan 51, DirectX 12 fremu 50. Angalia vizuri hapo: kuzima kitu kimoja na kufunga kivinjari kumetuletea fremu 12, wakati kuchagua kati ya Vulkan na DirectX kumetuletea moja.

Je, basi chaguo halina maana? Lina maana, ila sasa ndipo lilipopata nafasi ya kuonekana. Tulipoendesha farasi kuingia mjini mara tatu kwa kila upande, mstari wa DirectX 12 ulikuwa na meno kadhaa marefu mahali pale pale kila safari. Wa Vulkan ulikuwa nayo, ila mafupi. Tukaamua Vulkan. Kwa mashine hii, kwa draiva hii. Mwenye kadi ya AMD au prosesa tofauti anaweza kupata kinyume kabisa, na wote tukawa wakweli.

Kuna njia ya kujua mapema kama chaguo hili litakusaidia au la. Wakati gemu linaendelea, tazama kadi inatumika kwa asilimia ngapi. Ikiwa iko 97 au 99 muda wote, kadi yako inafanya kazi kwa nguvu zake zote, na kubadilisha lugha ya maagizo hakutaiongezea misuli. Punguza mipangilio. Lakini ikiwa kadi iko 60 na fremu ni chache, na hujaweka kikomo cha fremu, basi kadi imekaa inasubiri prosesa. Hapo ndipo kuhama, hasa kutoka DirectX 11 kwenda Vulkan, kunaweza kukupa kitu cha kuonekana. Ukitaka uhakika, shusha ukubwa wa picha kwa muda. Fremu zisipopanda, tatizo si kadi.

Onyo la mwisho kwa watakaojaribu. Wakati mwingine unahama na gemu linagoma kufunguka, na huwezi kurudi kwa sababu chaguo lenyewe liko ndani ya gemu. Usikimbilie kufuta kila kitu na kupakua upya GB zaidi ya 100, utalia na bando lako. Kwanza zima programu zinazochora juu ya gemu, kama za kurekodi au za kuonyesha FPS, maana zinaweza kugombana na upande mmoja na kupatana na mwingine. Ikishindikana, fungua Documents, kisha Rockstar Games, Red Dead Redemption 2, Settings. Humo kuna faili la `system.xml`. Lifungue kwa Notepad, tafuta mstari huu:

```xml
<API>kSettingAPI_DX12</API>
```

Ubadilishe uwe hivi, au kinyume chake kama unarudi DirectX:

```xml
<API>kSettingAPI_Vulkan</API>
```

Hifadhi, washa gemu. Kwenye folda hiyo hiyo utaona pia mafaili yanayoanza na `sga_`. Hizo ndizo hazina za sheda nilizozieleza. Zikiharibika gemu linaweza kuanguka linapofunguka. Ukizifuta linajenga nyingine, ila ujue saa ya kwanza itakuwa ya kutafsiri tena, kwa hiyo usitoe hukumu siku hiyo.

Binamu hakununua kadi. Alinitazama tu akasema, "Kaka, kwa hiyo siku ile ulikuwa unanibahatishia?" Nikakubali. Kazini nisingethubutu kuandika habari bila kumpigia hata chanzo kimoja, lakini kwa dogo niliona ni gemu tu, haina madhara. Kumbe ilikuwa akiba yake.

Basi mtu akikuuliza DirectX au Vulkan, mjibu kwa maswali matatu: gemu gani, DirectX namba ngapi, na umepima mara ngapi? Akikosa jibu la la tatu, mwambie arudi akapime.

Naomba kutoa hoja.